Jina la Timu ya Mtaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kuchagua Neno Fupi la Kushangilia

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya makocha, walezi na wazazi wanaosajili timu za vijana katika ligi za mitaa ya Kisumu, ingawa wenzetu wa Kakamega, Bungoma na Nakuru watakuta mengi yanayowahusu. Ili majibu yasielee hewani, tumechukua mfano wa timu moja na kuufuata tangu mwanzo: vijana wa chini ya miaka 15 kutoka Nyalenda, ambao tuseme wamekaa na kocha wao na kubaki na majina matano mezani, yaani Nyalenda United, Radi, Duma, Mbuta na Kiboko. Kila jina kati ya hayo lina uzuri wake, na kila moja linafundisha jambo tofauti pale linapotoka mdomoni mwa watu hamsini kwa pamoja.

Kwa nini tuhangaike na ufupi? Je, jina refu lenye heshima si bora zaidi?

Jina refu linaweza kubaki kwenye barua na kwenye muhuri, lakini mashabiki hawataliimba. Watalikata wenyewe, na huenda wakalikata mahali ambapo hamkupenda. Ushahidi tunao karibu. Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968, huitwa K'Ogalo na watu wake. AFC Leopards, iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, hushangiliwa kwa neno moja tu, Ingwe, ambalo ni chui kwa Kiluhya. Huko Dar es Salaam, Young Africans ilifupishwa ikawa Yanga, na majirani zao waliokuwa wakiitwa Sunderland walichukua jina la Simba mwaka 1971, jina ambalo halikuhitaji tena kukatwa na mtu yeyote.

Timu kubwa ina miaka mingi ya kungoja jina lake la mkato lijitokeze. Timu ya vijana wa mtaa haina muda huo, kwa sababu wachezaji wake hukua na kuondoka baada ya misimu michache. Kwa hiyo ni afadhali jina la kushangilia lichaguliwe mapema, na ndilo hilo hilo liandikwe kwenye ratiba.

Katika mfano wetu, Nyalenda United linaanguka hapa. Si baya, lakini mashabiki wakilifupisha watabaki na «Nyalenda», ambalo ni jina la mtaa na si la timu, na mtaa huo ni mkubwa kiasi cha kuweza kuleta timu tatu au nne katika ligi moja.

Ufupi unaozungumziwa ni wa silabi ngapi?

Silabi mbili au tatu. Ili kuelewa sababu yake, ni vizuri kukumbuka jinsi Kiswahili kinavyopiga mdundo wake: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno la silabi mbili huanza na kishindo na kumalizikia chini, kama vile SI-mba, DU-ma, RA-di. Neno la silabi tatu huanza chini, likapanda, kisha likatua: ki-BO-ko, fa-HA-li.

Hesabuni kwa makofi. Jina la silabi mbili linaacha nafasi ya makofi matatu ya haraka kabla ya kurudiwa: «Duma», pa-pa-pa, «Duma», pa-pa-pa. Jina la silabi tatu linapendeza zaidi likifuatwa na makofi mawili: «Kiboko», pa-pa, «Kiboko», pa-pa. Neno la silabi nne bado linaimbika, lakini watoto huanza kulimeza silabi ya kwanza, na likifika silabi tano kundi hugawanyika, nusu wakimaliza neno huku nusu nyingine ikianza upya. Neno la silabi moja nalo halitoshi, kwa sababu halina mahali pa kupanda na mahali pa kutua. Husikika kama mtu aliyeshtuka.

Ni sauti zipi zinazofika mbali uwanjani?

Irabu ndizo zinazobeba jina. Tunapotamka a mdomo hufunguka wazi, na o huufuata kwa karibu, kwa hiyo sauti hizo hutoka kwa nguvu bila mtu kukaza koo. Tunapotamka i na u mdomo hubana, na sauti hupungua hata kama juhudi ni ile ile. Ndiyo maana Nyuki, jina linalopendwa na wengi kwa sababu ya uchungu wa mwiba wake, hufifia linapoimbwa: lina u na i peke yake.

Konsonanti zina kazi nyingine, ambayo ni kupiga mpigo. B, p, t, d, k, g, j na ch hukata pumzi kidogo kisha huiachia kwa kishindo, na hapo ndipo kundi zima hupata mahali pa kuanzia pamoja. F, s na sh ni pumzi inayopita tu. Zikiwa karibu zinasikika vizuri, lakini zikivuka uwanja hupotea kabla ya irabu. L, w na y ni laini mno kuweza kuanza neno la vita, ingawa hazina ubaya zikiwa katikati.

Angalieni basi Kiboko lilivyojengwa. Lina k, b, k, konsonanti tatu za kishindo. Irabu yake dhaifu, i, imekaa kwenye silabi isiyo na mkazo, mahali ambapo haitakiwi kuwa na nguvu, na mkazo umeangukia bo. Mwisho wake ni ko, irabu ambayo shabiki anaweza kuivuta mpaka pumzi iishe. Mbuta nalo limejengwa vizuri: midomo hufunga kwa m, hupasuka kwa b, na neno humalizikia kwenye a. Radi lina a ya nguvu mwanzoni lakini humalizikia kwa i, kwa hiyo haliwezi kuvutwa sana.

Je, kuna neno zuri ambalo huharibika mara tu mpira unapoanza kuchezwa?

Lipo, na swali hili husahaulika kuliko yote, kwa sababu majina huchaguliwa watu wakiwa wamekaa chini ya mti, si mchezo ukiendelea. Uwanja wa mpira tayari una lugha yake. Kocha na wachezaji hupaza maneno mafupi ya amri kila dakika: rudi, shuka, panda, kaba, toa, piga, acha. Jina la timu likikaribiana na mojawapo ya maneno hayo, mashabiki wenu watakuwa wanawapa wachezaji wenu amri bila kukusudia.

Chukueni Radi. Maana yake ni ya kutisha, ni fupi, na mkazo wake uko mahali pazuri. Lakini beki wa kushoto aliyepanda na mpira akisikia kutoka nyuma yake watu hamsini wakiimba «Radi! Radi!», anasikia pia kitu kinachofanana sana na «Rudi! Rudi!», yaani kile ambacho kocha wake humwambia kila anapopanda kupita kiasi. Tofauti ni irabu moja tu. Kijana wa miaka 13 aliyechoka, katika dakika ya mwisho ya kipindi cha pili, hatatulia kuichambua; atasita, na kusita kwake kutatosha mpinzani kumnyang'anya mpira. Vivyo hivyo Shoka hukaribia «shuka», neno ambalo makocha hulitumia kuwarudisha viungo chini kusaidia ulinzi.

Kwa sababu hiyo Radi linaondoka mezani, na nakiri kwamba linaondoka kwa masikitiko.

Tunawezaje kujua jina letu halina maana nyingine katika lugha za nyumbani?

Waulizeni wazee wa pande zote za mtaa kabla ya kuchora nembo. Kisumu ina Wajaluo wengi, lakini Nyalenda, Manyatta na Obunga zina Waluhya, Wakisii, Wanubi na wengine, na kila lugha ina masikio yake.

Duma ni mfano mzuri. Kwa Kiswahili ni mnyama mwenye mbio kuliko wote wa nchi kavu, na ni jina linalofaa timu yenye mawinga wepesi. Lakini mahindi kwa Kijaluo huitwa oduma. Hakuna shabiki wa timu pinzani katika jiji hili atakayeacha nafasi hiyo impite. Kabla ya mapumziko ya mechi ya kwanza, upande wa pili utakuwa ukiimba kuhusu mahindi ya kuchoma. Kule Mombasa jina hilo halina tatizo lolote, na Nakuru pia lingepita bila kelele nyingi. Kwa Kisumu, ningelishauri liachwe.

Simba nalo, mbali na kuwa tayari lina wenyewe, ni nyumba ya kijana wa kiume katika boma la Kijaluo. Hiyo si aibu, lakini kila mara mtu atacheka kidogo, na jina la kushangilia halitakiwi kukatizwa na kicheko.

Jambo jingine linalohusu lugha za nyumbani ni matamshi. Kijaluo hakina sauti ya sh, z wala v katika maneno yake ya asili, na wazee wengi huzitamka sh na z kama s. Kwa ulimi wao Shoka huwa «soka», Mzinga huwa «msinga». Nyanya aliyekuja kumtazama mjukuu wake ana haki ya kuliita jina la timu kwa uhuru, bila mtoto yeyote kumwiga kwa mzaha. Jina lisilo na sauti hizo tatu linawakusanya watu wote, na kwa mtaa wenye lugha nyingi mimi hulihesabu hilo kuwa jambo zito kuliko uzuri wa maana.

Wapinzani wataligeuza jina letu. Tufanye nini?

Kila jina linaweza kujibiwa, na hamtaweza kulizuia. Mnachoweza kukwepa ni jina ambalo jibu lake limeshapikwa. Moto hujibiwa kwa maji. Kisu huambiwa ni butu. Kuku, kondoo na mbuzi hawahitaji maelezo.

Mbuta ndilo jina lililowagawanya vijana wetu wa Nyalenda zaidi, na ni rahisi kuelewa sababu. Mbuta ndiye samaki mkubwa kuliko wote ziwani, kila mtoto wa Kisumu amemwona sokoni akiwa mrefu karibu kama yeye mwenyewe, na jina lenyewe, kama tulivyoona, lina sauti ya nguvu. Zaidi ya hayo ni la hapa. Timu ya mji mwingine isingelifikiria. Udhaifu wake ni mmoja: mbuta huliwa. Timu pinzani haitahitaji mshairi ili kuimba kwamba leo wamekuja kula mbuta kwa ugali, na ikiwafunga mabao matatu itawauliza kama wanataka kichwa au mkia. Kuna timu zenye moyo wa kulibeba hilo na hata kulifurahia. Kwa vijana wa umri huu, ambao kufungwa peke yake kunatosha kuwaliza, ningewaepusha.

Kwa nini basi Kiboko, na si mnyama mwingine mkali?

Kwanza, kiboko ni wa hapa. Yuko ziwani upande wa Dunga, si mbali na Nyalenda, na wavuvi humheshimu kwa sababu hupindua mashua. Pili, sauti zake ni zile tulizozichambua. Tatu, na hili ndilo linalolitenga na mengine yote, Kiswahili tayari kimelitengenezea jina hilo wimbo. Tunaposema fulani ni kiboko yao, tunamaanisha amewazidi na hawana la kumfanya. Kwa hiyo kiongozi wa mashabiki anapaza «Kiboko!» na umati unajibu «Yao!», na hakuna aliyehitaji kufundishwa, kwa kuwa kila mtu amelisema neno hilo tangu utotoni. Mwito una silabi tatu na jibu lina mbili, jibu linaanza kwa ya yenye mkazo na kufungua mdomo wazi, na mpigo unarudi wenyewe kwa mwito unaofuata: ki-BO-ko, YA-o, ki-BO-ko, YA-o.

Ndiyo sababu ninawashauri makocha wakati wote watafute neno ambalo lina jibu lake ndani ya lugha. Chuma huitikiwa «Hakipindi». Mwamba huitikiwa «Hautikisiki», ingawa jibu hilo ni refu mno kwa watoto wadogo. Jibu likihitaji kutungwa na kukaririwa, litaimbwa mechi mbili na kusahaulika.

Mzazi mmoja anapinga, akisema kiboko ni fimbo ya kuwachapia watoto. Je, ana hoja?

Ana hoja, na asipuuzwe. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, na si vizuri timu ya watoto ibebe kumbukumbu hiyo kifuani. Njia ya kumtuliza ni mbili. Nembo imwonyeshe mnyama waziwazi, kinywa wazi na meno nje, bila fimbo yoyote. Pia jina libaki katika umoja siku zote. Mtu akiandika «Viboko wa Nyalenda», msomaji ataona mapigo kabla ya kuona wanyama, na silabi ya kwanza itapoteza k yake ya kishindo na kupata v, sauti ambayo tumeshasema si rafiki wa kila ulimi. Mzazi akiendelea kupinga baada ya hapo, kamati ijiulize kwa dhati kama umoja wa wazazi una thamani kuliko jina. Mara nyingi una thamani kuliko jina.

Majaribio ya jina hufanywaje?

Hufanywa uwanjani, si chumbani. Upana wa uwanja rasmi ni kati ya mita 45 na 90, kwa hiyo hata uwanja mdogo wa shule ya msingi unatoa umbali wa kutosha. Wapangeni watoto kumi kwenye mstari mmoja wa pembeni. Upande wa pili asimame mtu mmoja ambaye hajawahi kuyaona majina yanayoshindaniwa, akiwa na karatasi na kalamu. Watoto wapaze kila jina mara tatu, kwa mpangilio uliochanganywa, na msikilizaji aandike alichosikia bila kuuliza.

Fanyeni hivyo alasiri, saa ambazo mechi huchezwa. Kisumu upepo wa mchana hutoka ziwani kuingia mjini, na huongezeka kadiri jua linavyochoma nchi kavu, kwa hiyo jina lililosikika vizuri saa tatu asubuhi linaweza kupeperushwa saa kumi jioni. Baada ya mzunguko wa kwanza, watoto na msikilizaji wabadilishane pande, ili kila jina lijaribiwe likienda na upepo na likienda kinyume chake. Kama msikilizaji ameandika neno jingine hata mara moja katika upande wa kinyume, jina hilo liwekwe chini ya mashaka. Kama ni mara mbili, liondolewe.

Jaribio la pili ni la kurudiarudia. Watoto waimbe jina mfululizo kwa dakika nzima bila makofi. Maneno yanayorudiwa kwa kasi huungana mwisho kwa mwanzo na kuzaa maneno mapya: «radi-radi-radi» huanza kusikika kama «dira», na «tai-tai-tai» hugeuka «ita». Hayo mawili hayana madhara, lakini neno la aibu likizaliwa humo, watoto watakuwa wa kwanza kuligundua na hawataliacha kamwe. Katika dakika hiyo hiyo mtaona pia kama ndimi zinachoka. Kundi likianza kupunguza kasi lenyewe, jina ni zito.

Ligi yetu tayari ina timu inayoitwa Simba. Je, tunaweza kujiita Mamba?

Kisheria hakuna anayewazuia, lakini msifanye hivyo. Kwa mbali sehemu inayosikika zaidi ni mwisho wa neno, ambao mashabiki huuvuta, na Simba, Mamba, na Mwamba yote huishia kwa mba. Siku mtakapokutana, pande zote mbili zitaonekana kuimba jina moja, na katibu wa ligi anayeandika matokeo kwa simu ya kelele atawapa wengine pointi zenu. Tafuteni jina lenye irabu tofauti ya mwisho na ya mkazo. Kama ligi imejaa majina ya a, jina la o litajitenga lenyewe.

Je, jina la mtaa liunganishwe na jina la timu?

Kwenye fomu na ratiba, ndiyo. Kwenye shangwe, mara chache. Mitaa mingi ya Kisumu ina silabi tatu, kama Kondele, Obunga, Migosi, Bandani na Nyalenda yenyewe, na hiyo inaruhusu mwito wa zamu: upande mmoja «Nyalenda!», upande mwingine «Kiboko!», silabi tatu kwa tatu. Nyamasaria ina silabi tano, kwa hiyo timu ya huko ingefanya vyema kutafuta neno la silabi mbili tu. Rhonda ya Nakuru ina mbili na inaweza kubeba neno lolote.

Tunaweza kutumia jina la kabila, la ukoo au la kiongozi?

Historia ya soka letu imeshajibu sehemu ya swali hili. Mwaka 1980 klabu zenye majina ya kikabila zilitakiwa kuyabadilisha, na hapo ndipo Abaluhya ikawa AFC Leopards na Luo Union ikawa Reunion. Ligi ya mtaa haina sababu ya kurudi nyuma ya hapo, hasa kwa kuwa kikosi kimoja cha vijana kumi na wanane mjini kinaweza kuwa na lugha nne ndani yake. Neno la lugha ya nyumbani ni jambo tofauti na halina ubaya, mradi wachezaji wote wanalipenda. Jina la mwanasiasa liachwe kabisa, hata kama ndiye aliyenunua jezi, na jina la kampuni ya kamari au ya pombe halifai kifuani mwa mtoto. Majina ya magenge nayo yaepukwe, hata yale ya zamani. Polisi na wazazi huyakumbuka.

Vipi kuhusu majina ya Kiingereza?

Yanaruhusiwa, na timu ya taifa yenyewe ni Harambee Stars. Shida ni kwamba maneno hayo mengi hufungwa kwa konsonanti, na shabiki hawezi kuvuta konsonanti. Angalieni wanachofanya mashabiki wenyewe: sehemu inayoimbika zaidi katika jina la timu ya taifa ni Harambee.

Timu ya wasichana ipewe jina gani?

Lile lile. Wasichana wa Nyalenda ni Kiboko kama kaka zao, na kuwaongezea neno jingine mwishoni kunarefusha jina na kuwaondolea kiitikio chao.

Tuna ngoma. Je, zinabadilisha uchaguzi wa jina?

Kwa kiasi fulani. Wenzetu wa Kakamega wanaoshangilia kwa isukuti, zile ngoma tatu zinazoitwa baba, mama na mtoto, wanajua kwamba mdundo wake ni wa kasi na hauachi ukimya mrefu. Neno la silabi mbili lenye konsonanti ya kishindo huingia katikati ya mapigo bila kusukuma. Neno la silabi tatu linahitaji ngoma kubwa ipungue kidogo, kwa hiyo kiongozi wa mashabiki na mpigaji wakubaliane mapema. Penye vuvuzela hakuna jina litakalosikika, na ushauri wetu ni kuziacha nyumbani.

Nani aamue mwishoni?

Wachezaji. Kazi ya kocha na wazazi ni kuondoa majina yenye kasoro, na wabaki na mawili au matatu ambayo yote yanafaa. Kura iwe ya siri kwa vipande vya karatasi, kwa sababu mikono ikiinuliwa watoto wadogo hutazama nahodha ameinua lini. Jina likipita kwa kura moja tu, liimbeni mazoezini kwa wiki moja kabla ya kulipeleka kwa katibu wa ligi.

Tukishalipata, tuliandike wapi?

Kwa ligi ya mtaa, orodha ya katibu wa ligi inatosha, na mhakikishe limeandikwa kwa herufi zile zile kwenye kadi za wachezaji, kwenye ratiba na kwenye jezi. Mkitaka kuwa klabu inayotambulika kisheria, usajili hufanywa kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya mwaka 2013, na huko jina hukaguliwa lisigongane na la klabu nyingine. Kwa kuwa maneno mafupi huwahiwa haraka, wasilisheni jina likiwa na mtaa wake, «Nyalenda Kiboko», na mwe na jina la akiba ambalo limepita majaribio yale yale. Agizo la jezi lingoje mpaka jibu litoke.